Asilimia Iliyovuka Mpaka

Sitaiandika hapa ile asilimia. Imeshaandikwa na watu wengi mno, na kila aliyeiandika aliipunguzia kitu, mpaka ikafika kwetu Tarime haina mwenyewe. Nikiiandika na mimi, kesho mtu ataiona kwenye maandishi yangu, ataichukua yenyewe tu, na maneno yote yanayoizunguka atayaacha. Hivyo ndivyo ilivyosafiri. Bado nina hasira nayo, na nina hasira zaidi na walioniambia kwamba nakasirikia kitu kidogo.

Nilikuwa nasoma stashahada ya masoko kwa njia ya masafa. Maana yake ni kwamba nilijifundisha mwenyewe, kwa simu, katika chumba changu Nkende, na kwa steshenari ya jirani ambako nilichapisha kurasa ambazo siwezi kuzielewa bila kuzichora mistari. Chuo kilitutumia vitini. Vilikuwa na vichwa vya habari vingi na maelezo machache, na maelezo yaliyokosekana niliyatafuta kwingine. Mtu angeweza kusema nilisoma kwa bidii. Ukweli ni kwamba nilisoma kwa hofu. Mimi ni mtu wa kurudi kufunga mlango ambao nimeshaufunga. Sentensi ya kwanza ya ujumbe kwa mwalimu naweza kuiandika na kuifuta hadi nisahau nilitaka kumwambia nini. Niliamini kwamba waliokaa darasani wanajua kitu ambacho mimi sikijui, na kwamba siku moja watanigundua.

Kazi ya mwisho ya masomo ilikuwa utafiti wa soko kwa biashara au kikundi cha kweli. Nilichagua kikundi cha shangazi yangu kule Gorong'a. Ni wanawake wakulima, wa mahindi na ulezi, walioanza na ng'ombe mmoja waliyemchangia. Kila jike aliyezaliwa walimtunza, na sasa walikuwa na mitamba kwenye zizi la shangazi. Ilikuwa mitamba ya kikundi. Haikuwa ya mume wa mtu, wala ya kaka wa mtu, na hakuna ambaye angeweza kuja asubuhi na kamba kusema amepata pa kuoa na anataka ng'ombe wa mahari. Waume walilikubali hilo shingo upande. Nilishawasikia wawili watatu wakicheka kwamba wanawake wakianza kuuza ng'ombe wao, mwaka hautaisha kabla zizi halijabaki tupu.

Na kweli walitaka kuuza. Walitaka mashine ya kusaga na kufungasha, watengeneze unga wa paketi wenye jina la kikundi, waupeleke Kewanja. Kewanja ni kijiji kilichokaa ubavuni mwa mgodi mkubwa wa dhahabu. Kuna watu wengi wa kupanga vyumba pale, wenye mshahara na wasio na shamba. Hesabu ya wanawake ilikuwa rahisi: mtu asiye na shamba atakula nini kama si unga wa kununua?

"Wewe ndiye msomi wetu," shangazi aliniambia. "Kasome huko unakosoma, uje utuambie. Watanunua, au hawatanunua? Mnada wa mwisho wa mwezi tunapeleka ng'ombe."

Nilitikisa kichwa kukubali. Usiku ule nilifikiria mitamba ile mpaka nikaamka kunywa maji.

Kitini cha utafiti, kilichoandikwa na msimamizi wangu, kilikuwa na jambo moja nililolipenda kuliko yote. Kilisema kwamba kabla hujamuuliza mtu yeyote swali jipya, tafuta kwanza kilichokwisha kuulizwa. Kuna data za msingi, ambazo unazikusanya mwenyewe kwa shughuli yako, na kuna data za upili, ambazo mtu mwingine alishazikusanya kwa shughuli yake. Anza na za upili. Ni rahisi kuzipata, zinakuonesha shimo liko wapi, na zinakuzuia kusumbua watu kwa maswali ambayo majibu yake yapo. Lakini, kiliendelea kitini, kila chanzo kihoji: nani alikusanya, kwa nini, lini, kwa njia gani, kutoka kwa nani, na maneno aliyoyatumia aliyapa maana gani. Nilisoma aya ile nikaona imeandikwa kwa ajili ya mtu kama mimi. Kwa mara ya kwanza wasiwasi wangu ulikuwa na kazi ya kufanya.

Nikaanza kutafuta. Nilipata ripoti ya taifa ya matumizi ya kaya, kazi nzuri, yenye viambatisho vinavyoeleza sampuli ilivyochukuliwa. Ila majedwali yake yalikomea kwenye mkoa. Mkoa wa Mara una wavuvi wa ziwani, una mji wa Musoma, una sisi wa mlimani. Ukituchanganya wote kwenye chungu kimoja, huwezi kuchota kijiko ukasema hiki ni Kewanja. Niliiweka, nikaandika pembeni inaweza kuniambia nini na haiwezi kuniambia nini. Nilipata takwimu za mavuno za halmashauri, ambazo zilinieleza mahindi yanayolimwa na hazikunieleza chochote kuhusu unga unaonunuliwa. Nilipata utafiti mmoja uliosema watu wengi wa vijijini hutumia "unga wa kusindikwa". Nilifurahi, halafu nikashuka hadi ukurasa wa fasili, nikakuta kwamba kwa mwandishi huyo, mwanamke aliyebeba mahindi yake kichwani hadi mashineni, akasagiwa, akarudi nayo nyumbani, naye ametumia unga wa kusindikwa. Kwa fasili hiyo bibi yangu amekula vya kiwandani maisha yake yote.

Hayo hayakunikasirisha. Hao waliandika maana ya maneno yao, na kazi ya kusoma ilikuwa yangu.

Ndipo nikaipata ile asilimia. Ilisema ni sehemu gani ya kaya za Tarime zinazonunua unga wa paketi, na ilikuwa kubwa, kubwa ya kumfanya mtu auze ng'ombe. Niliiona kwanza kwenye kipeperushi cha wakala wa mashine, kijana wa upande wa Sirari, mpakani na Kenya, aliyekuwa akiwatembelea kina shangazi. Nikaikuta kwenye andiko la mpango wa biashara lililowekwa mtandaoni. Nikaikuta kwenye makala, kwenye tasnifu ya mwanafunzi wa chuo changu, kwenye ripoti ya mradi. Vyanzo vitano, vyote vinasema kitu kilekile, hadi nukta ya desimali. Nilivipaka rangi ya kijani. Kijani kwangu ilikuwa rangi ya kulala usingizi.

Nilichelewa kushtuka, lakini nilishtuka. Watu watano wakienda kwa wakati tofauti kuuliza watu tofauti, hawarudi na desimali moja. Vyanzo vitano vinavyofanana hivyo si mashahidi watano. Ni shahidi mmoja na watu wanne waliomsikia.

Kwa hiyo nikaanza kurudi nyuma. Kipeperushi hakikutaja chanzo. Nilimpigia wakala.

"Dada, hiyo ni utafiti," alisema.

"Najua. Utafiti wa nani?"

"Wa wasomi. Sasa wewe pia ni msomi, si mnajuana?"

Baadaye alinitumia tasnifu kwenye simu, kwa roho safi kabisa, kama mtu anayekufungia mdomo kwa kukupa chakula. Ilikuwa tasnifu ileile niliyokuwa nayo. Ilihusu wazabuni wa mgodi, haikuhusu unga hata kidogo. Asilimia ilikaa kwenye ukurasa wa utangulizi, sentensi moja, na mbele yake rejeo: ripoti ya mradi. Makala na mpango wa biashara navyo vilirejea kwenye tasnifu hiyo au kwenye ripoti hiyo. Nikafungua ripoti ya mradi. Pale sentensi ilikuwa tofauti kidogo. Haikusema kaya za Tarime. Ilisema kaya za Wakurya, kabila letu lililoko pande zote mbili za mpaka, na chini ilikuwa na tanbihi yenye jina la uchunguzi mwingine na kiungo cha mtandao kilichokufa.

Mtu mwenye akili tulivu angeishia pale. Mimi siwezi kulala na kiungo kilichokufa. Nilitafuta jina la ule uchunguzi neno kwa neno hadi nikaliona kwenye orodha ya maktaba ya chuo kimoja cha Kenya. Nilimwandikia mkutubi barua ya heshima ambayo niliifuta na kuiandika upya siku nzima. Alinijibu kwa mistari miwili, na chini ya mistari hiyo aliambatisha kurasa zote zikiwa zimepigwa picha.

Jedwali lilikuwa pale. Asilimia ilikuwa pale, na desimali yake. Na juu ya jedwali, kwa herufi nzito, mwandishi alikuwa ameandika kwamba hawa ni wateja waliokutwa madukani, katika mji wa soko, upande wa Kenya. Alieleza hata kwa nini aliwauliza wao: alikuwa anafanyia kazi wenye maduka waliotaka kujua waagize paketi za ukubwa gani. Mwishoni alionya kwamba matokeo yasichukuliwe kuwa picha ya kaya zote. Aliandika kabisa. Hakuna aliloficha.

Nilikaa na kurasa zile nikihisi uso unachemka. Wateja wa dukani waliingia kwenye ripoti ya mradi wakatoka wakiwa kaya. Kenya ikadondoka, wakabaki Wakurya. Wakurya wakaingia kwenye tasnifu, wakatoka wakiwa Tarime. Na Tarime ikaingia kwenye kipeperushi, ikatoka na picha ya mwanamke anayecheka akiwa amekumbatia paketi. Hakuna hata mmoja aliyedanganya kwa kusudi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumshika. Kila mmoja aliacha maneno machache tu, ili sentensi ipite vizuri.

Nilikwenda Mugumu kumwona msimamizi wangu. Alikuwa na chumba cha ofisi nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na wanafunzi wa ukanda wetu wa Tarime na Serengeti tulimfuata huko. Njia inapita karibu na Kewanja. Niliviangalia vyumba vya kupanga vimejipanga mistari, nguo za kazi zimeanikwa, na nilijiuliza ni nani kati ya watu wale aliyewahi kuulizwa chochote na yeyote kati ya wale waandishi. Jibu nilikuwa nalo kwenye begi.

Kuna jambo lingine nililokuwa nalo kwenye begi. Ile tasnifu ilikuwa na ukurasa wa shukrani, na kwenye shukrani, baada ya Mungu na wazazi, alishukuriwa msimamizi. Alikuwa huyuhuyu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Madodoso yako wapi?"

"Bado, mwalimu. Nimeleta sura ya vyanzo vya upili."

"Bado!" Alivua miwani. "Wenzako wameshagawa, wameshakusanya, wengine wanaandika hitimisho. Wewe bado unasomasoma."

Nilimweleza. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwa utulivu, lakini sauti yangu ilipanda yenyewe. Nilimtandikia kurasa mezani kwa mpangilio, kipeperushi, tasnifu, ripoti, jedwali. Alizipitia haraka. Alipofika kwenye tasnifu aliifungua mwanzoni, akaiona ile shukrani, akaifunga.

"Huyu alikuwa mwanafunzi mzuri," alisema.

"Sijasema alikuwa mbaya, mwalimu."

"Alipata daraja zuri. Na wewe utapata, ukiacha kufukua. Nani alikutuma kufukua?"

"Kitini chako, mwalimu. Kile cha kuhoji vyanzo."

Alicheka kwa dhati, kama mtu aliyefurahishwa na mtoto. "Binti, kile kitini ni cha kufaulia mtihani."

Nimeikumbuka sentensi hiyo mara nyingi kuliko sala. Nilitoka Nkende na imani kwamba kuna watu wanajua, na mimi najifunza kuwafikia. Kumbe aliyeandika zile aya, zilizoupa wasiwasi wangu kazi ya kufanya, yeye mwenyewe hakuwahi kuzidhania kuwa za kweli.

"Iweke kwenye usuli," aliendelea, sasa kwa upole. "Weka rejeo, songa mbele. Kama kuna kosa, ni la aliyeandika wa kwanza. Si lako."

"Aliyeandika wa kwanza hakukosea, mwalimu. Yeye aliandika kila kitu. Waliokosea ni waliomnakili."

"Wote hao ni wasomi. Wewe ni nani?"

Nilitaka kumjibu kwamba mimi ni niliyesoma jedwali. Nilikusanya kurasa zangu, nikamshukuru, maana ndivyo tulivyolelewa, na nilipofika nje nikagundua nimeshika kalamu yake. Niliirudisha. Hata kwenye hasira mimi ni mtu wa kurudisha kalamu.

Mkutano wa kikundi ulifanyika Gorong'a kwenye baraza ya ghala lao, siku chache kabla ya mnada. Wakala wa mashine alishafika. Alikuwa amepanga paketi tupu zenye rangi juu ya gunia, na kipeperushi kilikuwa kinapita mkono hadi mkono. Mitamba ilikuwa inaonekana kutoka pale, imelala ikicheua nyuma ya nyumba ya shangazi.

"Kina mama, mimi sitaki maneno mingi," wakala alisema. "Utafiti umefanyika tayari. Namba ndiyo hiyo, imechapwa kwa wino. Watu ya Tarime wananunua paketi. Kazi yenu ni mashine tu."

"Msomi wetu amekuja," shangazi alisema. "Mwanangu, sema. Ndiyo hivyo?"

Nilisimama. Nilikuwa nimeandika maelezo ya kurasa kadhaa, yenye maneno kama sampuli na fasili, na nilipowatazama wale mama niliona maneno yote yale hayafai. Nikatazama mitamba.

"Shangazi," nilisema, "ukienda mnadani ukakuta ng'ombe mzuri, amenona, lakini anayemuuza hana karatasi ya kijiji. Hajui amezaliwa zizi gani. Hana jirani wa kumshuhudia. Utamnunua?"

Walicheka wote. "Ili nikalale mahabusu?" alidakia mama mmoja mzee aliyekaa nyuma.

"Na ukimwangalia sikio ukakuta alama imekatwa?"

"Huyo kavuka mpaka," mama yule alisema, na hakuna aliyecheka tena, kwa sababu kwetu wizi wa ng'ombe si wa kuchekea.

"Basi hii namba nimeitafutia zizi lake," nilisema. "Imezaliwa ng'ambo, Kenya. Mwenyewe aliipa karatasi na akaiwekea alama. Walioichukua wakawa wanaikata alama moja moja njiani, hadi imefika hapa inaitwa ya Tarime. Hakuna mtu wa Kewanja aliyeulizwa. Hakuna mtu wa Gorong'a aliyeulizwa."

Wakala aliinuka. "Sasa hiyo ni kitu ndogo! Mkurya ni Mkurya. Wale wanakula ugali, nyinyi mnakula ugali."

"Walioulizwa walikutwa wapi?" shangazi aliniuliza mimi, bila kumtazama yeye.

"Dukani. Wakinunua."

Mama mzee alipiga makofi. "Mura, kaa chini," alimwambia wakala, kama anavyoitwa kijana yeyote kwetu. "Wewe nikute mimi nimesimama mashineni na debe la mahindi, uniulize kama huwa nasaga. Nitakujibu nini? Nitakujibu nimekuja kuchota maji?"

Baraza zima lilivunjika kwa kicheko. Dakika ile nilijisikia mrefu. Nakiri. Nilijiona nimeshinda, na nikaanza hata kumhurumia wakala, ambaye alikuwa anakusanya paketi zake huku akinung'unika.

Kisha shangazi akanyamazisha watu.

"Haya. Namba siyo yetu. Tumeelewa. Sasa tuambie: watanunua, au hawatanunua?"

"Sijui, shangazi."

Nilidhani baada ya yote yale neno hilo litapokelewa. Walinitazama kama mtu aliyewabomolea ukuta akasema kazi imekwisha.

"Hujui?" alisema mweka hazina wao, mama mkali ambaye mumewe alikuwa mmoja wa wale wanaocheka. "Umesoma mwezi mzima ili uje utuambie hujui?"

"Nimesoma ili nijue ni kitu gani hakijulikani, mama. Kabla sijatafuta nisingeweza..."

"Msomi gani huyo!" Alisimama, akajifunga kitenge upya. "Nyumbani nitasema nini? Kwamba tulikuwa na namba, mtoto wa nyumbani akaja akatunyang'anya, akatuachia mikono mitupu?"

Na wakala, akiwa ameshafika kwenye pikipiki, akageuka. "Mimi najua, yeye hajui. Chagueni!"

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata sura yake ya kweli, na haijabadilika hadi leo. Mtu mwenye namba ya uongo anasimama mbele za watu kifua mbele. Mwenye ukweli usiokamilika anasimama akiwa na aibu. Nilikuwa nataka kulia, na nililia baadaye, si kwa sababu walinikemea. Nililia kwa sababu walikuwa na haki ya kuuliza. Ng'ombe walikuwa wao. Walihitaji jibu, na watu wote waliokuwa na kazi ya kuwapa jibu, wenye mradi, wenye vyuo, wenye makala, walikuwa wamenakiliana sentensi badala ya kupanda gari kwenda Kewanja, ambako si mbali.

Shangazi hakunitetea. Alifanya kitu bora zaidi. Alimgeukia wakala.

"Wewe unajua. Unajua ya wapi?"

Wakala alitazama kipeperushi chake mwenyewe, akakigeuza nyuma, kama vile zizi lingeandikwa upande ule. Halafu akawasha pikipiki.

"Ng'ombe hawaendi mnada huu," shangazi alisema. Wengine walinyoosha mikono, wengine hawakunyoosha, na mweka hazina aliondoka bila kuniaga. Shangazi alinishika bega kwa nguvu, hadi likauma. "Mnada mwingine upo. Lakini nenda Kewanja ukawaulize wenyewe, mwanangu, na usinirudie na sijui."

Nilirudi Nkende, nikaandika dodoso langu upya. Lile la zamani lilianza na swali ambalo wote huuliza: je, huwa unanunua unga wa paketi? Sasa niliuona ubaya wake. Ni swali la mtu anayetaka ndiyo. Tena nilikuwa nimejifunza kutoka kwenye zile ripoti nzuri kwamba karibu zote zinahesabu kaya, mtu na familia yake na jiko lao. Hakuna hata moja iliyonieleza kuhusu mpangaji wa chumba kimoja asiye na jiko. Hilo ndilo lilikuwa shimo. Swali la kwanza nikaliandika hivi: ugali uliokula mara ya mwisho, unga wake ulitoka wapi?

Na juu ya ukurasa niliandika kwa herufi nzito nani anauliza, kwa ajili ya nani, wapi, lini, na anaulizwa nani. Chini yake nikaongeza kwamba majibu haya ni ya wapangaji wa Kewanja tu. Nilimtumia msimamizi. Alijibu kwamba maneno ya juu ni marefu mno, niyapunguze. Sikuyapunguza. Najua daraja langu linaweza kulipia hilo, na bado naamka na kulifikiria. Sura yangu ya vyanzo ina asilimia ile, na karibu nayo njia yote iliyopita, hatua kwa hatua, pamoja na ile tasnifu. Niliiandika kwa hofu, lakini nimeiacha.

Shangazi alikuja nami Kewanja. Hakuniamini kabisa, na alikuwa na haki. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa wakati mimi nasimama kwenye mlango wa kwanza, mbele ya kijana aliyetoka zamu, buti zake bado zina matope meupe.

Nilimsomea swali.

"Unga?" alisema. "Mimi sina hata sufuria, dada. Nakula kwa mama ntilie pale njiani. Unga wake sijawahi kumuuliza anatoa wapi."

Nilimtazama shangazi. Alikuwa ameshasimama, anafunga kitenge vizuri, macho yake yako kwenye moshi wa banda la chakula upande wa pili wa barabara.

"Andika kwanza," aliniambia. "Andika yote aliyosema. Usikate neno."

Niliandika. Hakutaka nisome kwa sauti, alitaka aone mwenyewe kwamba kalamu inatembea. Kisha tukavuka barabara.